UZI: Mdogo wangu atavuka Barabara ya Morogoro pale Manzese kila siku kwa miguu, naomba maelekezo ya wanaoijua

Mama Wawili

Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu wa kike kaja kutoka Makete, anaishi kwangu Tandale. Kapata kazi upande wa Mabibo, pale soko la Mahakama ya Ndizi, anatoka nyumbani alfajiri na kurudi giza limeshaingia. Mwendo wenyewe ni wa kutembea tu, hauna haja ya nauli. Shida ni Barabara ya Morogoro iliyokaa katikati.

Nimempitisha mara ya kwanza mwenyewe. Gari likamsimamia kwenye zebra, naye akachomoka mbio bila kutazama kingine chochote. Ilibidi nimshike nguo. Nilipomuuliza akasema, "Si lile gari limenisimamia, dada?" Sikuwa na jibu la kumpa zaidi ya kufoka.

Sasa naomba anayejua anieleze taratibu, nimfundishe vizuri. Apite zebra au daraja? Na aangalie wapi kwanza, maana kwao ni barabara ya vumbi na gari unalisikia kutoka kilima cha pili.

---

Chalii wa Kagera

Sista, mbona rahisi? Akate kadi ya mwendokasi, apandie Manzese, ashukie Shekilango, halafu achukue bajaji. Hizo habari za kutembea ziache.

---

Mama Wawili

Kaka, soma tena. Haendi Shekilango, anakwenda ng'ambo. Na hata hiyo mwendokasi kituo chake kiko katikati ya barabara, ataruka hewani kukifikia?

---

Msema Kweli 77

Dada, usimtishe mtoto wa watu. Sheria ya Usalama Barabarani iko wazi, mtu akishakanyaga zebra dereva anatakiwa kusimama ampishe. Amwambie dereva kwa mkono, amtazame machoni, gari likisimama apite. Apite haraka asiwachoshe watu. Madereva wa Dar wanaheshimu mtu anayejiamini, ukionyesha woga hawasimami kabisa.

---

Mwalimu Usukani

Ndugu Msema Kweli, mkono na macho uko sahihi. Hapo kwenye "gari likisimama apite haraka" ndipo watu wanapoumia, na ndicho alichokifanya huyo binti. Nafundisha udereva, naomba nieleze kwa nafasi.

Barabara ile ina leni mbili za magari kila upande, na katikati njia ya mwendokasi. Gari lililosimama limefunga leni moja tu. Leni ya pili bado iko wazi, na dereva anayekuja huko haoni zebra yote wala hamuoni binti, kwa sababu gari lililosimama limemficha. Anachokiona ni mwenzake kasimama, naye anafikiri anashusha abiria au kaharibikiwa, kwa hiyo anampita. Binti akitokea mbele ya lile gari kwa mbio, wanakutana hapo hapo. Likiwa limesimama daladala au lori badala ya gari dogo, ni mbaya zaidi, maana linaziba kila kitu.

Tupige hesabu kidogo. Leni ina upana wa kama mita tatu na nusu. Mtu anayetembea kawaida anaimaliza kwa sekunde tatu hivi. Gari la kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo mwisho wa mwendo kwenye makazi, linakwenda mita 14 kila sekunde, yaani mita 40 na kitu wakati yeye anamaliza leni moja tu. Na dereva huyo hata akiwa macho, hadi mguu ufike kwenye breki na gari litulie, anakula mita 30 hivi kwenye lami kavu. Akiwa na 80, kama wanavyokimbia usiku, inakuwa karibu mita 60. Sasa mtu aliyechomoka mbele ya gari lililosimama anaonekana akiwa mita tano au kumi. Hakuna breki ya kumwokoa hapo.

Kwa hiyo mfundishe kuvuka leni, asivuke barabara. Gari la kwanza likisimama, atembee mpaka usawa wa pua yake upande wa mbali, asimame hapo hapo mbele ya gari lililomsimamia. Achungulie leni ya pili. Ikiwa tupu au gari lake nalo limesimama, ndipo amalizie. Dereva wa kwanza akipiga honi ya kumharakisha amwache apige, hawezi kumkanyaga mtu anayemwona.

---

Konda Mstaafu

Mwalimu kaongea. Mimi nimening'inia mlangoni njia hiyo miaka mingi, naongeza mawili.

La kwanza, taa. Dereva akikuwashia taa kubwa mara mbili, mmoja anamaanisha "pita" na mwingine anamaanisha "nakuja, usithubutu". Huwezi kujua ni yupi. Mwambie binti asisome taa, asome tairi. Tairi likiacha kuzunguka, hapo ndiyo kasimama. Gari linalotambaa polepole halijasimama, dereva anapima kama utaogopa.

La pili, asivuke kamwe mbele ya daladala iliyoko kituoni. Dereva pale macho yake yako kwenye kioo na kwa konda, anasubiri kugongewa bodi aondoke. Kakaa kulia, mtu mfupi akipita karibu kabisa na kona ya kushoto mbele hamuoni. Lori ndiyo kabisa. Asubiri iondoke au arudi nyuma mpaka kwenye zebra.

---

Mama Wawili

Asanteni sana. Hiyo ya kusimama mbele ya gari nimeielewa, nitamwonyesha kwa miguu. Sasa Mwalimu, akishamaliza hizo leni mbili anafika kwenye njia ya mwendokasi. Hapo pananichanganya hata mimi, sijui nitazame kulia au kushoto.

---

Mwalimu Usukani

Tumfuatilie kutoka Tandale. Akisimama ukingoni anaitazama Mabibo, kulia kwake ni Ubungo na kushoto kwake ni mjini. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo upande wake wa kwanza ni magari yanayotoka Ubungo kwenda mjini. Yanatokea kulia. Asubuhi upande huo ndio wenye foleni.

Foleni inawadanganya watu. Magari yamelala, unaona barabara imekufa, unajipenyeza. Kumbe kati ya leni na leni kuna bodaboda anapita kwa mwendo wake. Kwa hiyo kila mwanya kati ya gari na gari auhesabu kuwa ni leni nyingine, achungulie kabla ya kutoa mguu, na atazame pande zote mbili kwa sababu pikipiki nyingine zinakuja kinyume.

Akimaliza hapo anakuta njia ya mwendokasi. Basi la kwanza linatokea kulia, linakwenda mjini. Hatua chache mbele upande unageuka, la pili linatokea kushoto, linatoka mjini. Hapo ndipo watu wanapokosea, macho yamezoea kulia na mguu umeshaingia njia ya kushoto. Mwambie akifika katikati atamke kabisa "kushoto", hata kwa sauti. Kuanzia hapo hadi ng'ambo ni kushoto tu, pamoja na leni mbili za mwisho. Jioni akirudi, anaanza tena na kulia na anabadilisha katikati vilevile. Nusu ya kwanza kulia, nusu ya pili kushoto, uwe unatoka Tandale au Mabibo.

Kingine kuhusu mwendokasi: vituoni njia inapanuka ili basi lisilosimama lipite lililosimama. Ukiona basi limesimama kituoni usidhani njia imefungwa. Nyuma yake linaweza kuja jingine kwa pembeni, na mabasi mengine yana mita 18, si kitu kinachosimama ghafla. Ni ile ile habari ya gari la pili. Humo humo hupita na magari ya wagonjwa, ya polisi, na bodaboda wasiotakiwa.

---

Msema Kweli 77

Sawa Mwalimu, nimekuelewa, lakini kwa mwendo huo wa kusimama kila leni atafika kazini saa ngapi? Na mkimzoesha woga namna hiyo, magari hayatamsimamia.

---

Konda Mstaafu

Sekunde mbili mbili hizo, mkuu. Foleni ya kununua maandazi inakula zaidi.

---

Binti wa Magomeni

Jamani mbona hakuna anayezungumzia daraja? Manzese pana daraja la waenda kwa miguu, mpaka eneo linaitwa Darajani. Apite juu, habari ya leni na mwendokasi iishe.

---

Mwalimu Usukani

Mchana mimi namwambia apite darajani bila kubishana. Juu hakuna kosa la dereva linaloweza kumfikia. Tuseme pia ukweli kwa nini watu wanalikwepa: daraja lazima liwe juu ya lori refu kuliko yote, yaani zaidi ya mita tano, na hizo kwa ngazi za kawaida ni zaidi ya 30 kupanda na nyingine kama hizo kushuka. Mtu kabeba tenga kichwani anaziona hizo ngazi, anaiona zebra iko pale chini, anachagua chini. Simlaumu. Ila kitu kimoja sikubali: kuvuka chini ya daraja lenyewe, pasipo na zebra. Dereva akiliona daraja anaamini watu wote wako juu, hapunguzi chochote. Ni juu, au ni kwenye zebra.

---

Binti wa Magomeni

Hapo kwenye tenga umenigusa. Lakini kwa usiku nabadilisha msimamo, dada. Saa tatu usiku siwezi kumwambia msichana apande daraja peke yake. Mchana kuna machinga na watu wanapishana, usiku unakuta watu wamekaa ngazini na huwajui. Nilishaporwa simu kwenye ngazi za daraja, sitaji lipi.

---

Mwalimu Usukani

Nakubali hofu yako, ila usiku ndiyo saa mbaya ya kuvuka chini. Magari yamepungua, mwendo umeongezeka, na dereva mwenye taa za chini anaona mtu aliyevaa nguo nyeusi akiwa karibu kuliko mita anazohitaji kusimama. Halafu taa za gari linalokuja mbele yake zinamtia ukungu machoni, na aliyesimama katikati ya barabara anapotelea humo humo. Afadhali asubiri wenzake wa sokoni wavuke darajani kwa kundi.

---

Binti wa Magomeni

Na wenzake wakiwa wanakaa Mabibo? Wanawake tunajua tunachokisema. Kibaka ana uhakika, gari ni bahati.

---

Konda Mstaafu

Nyote mna hoja, akachague mwenyewe akiona hali ya siku hiyo. Akivuka chini usiku, avukie zebra iliyo chini ya nguzo ya taa inayowaka, ajitande kanga nyeupe au ya njano begani, na tochi ya simu aielekeze kwenye nguo zake mwenyewe. Asimmulike dereva machoni. Na simu isiwe sikioni.

---

Mjukuu wa Rangi Tatu

Samahani naingilia uzi. Baba yangu anatembea na mkongojo, anavuka Barabara ya Kilwa. Penye taa za waenda kwa miguu anaanza kijani kikiwa kimewaka, katikati kinakata, magari yanaanza kunguruma. Afanyeje?

---

Mwalimu Usukani

Mwambie mzee asiianze kijani aliyoikuta inawaka. Hajui imebaki kiasi gani. Aache hiyo iishe, asubiri nyekundu, na ikiwaka kijani mpya ndipo aanze, akishaona magari yametulia kweli. Na avuke kwa vipande. Akifika kisiwa cha katikati na taa imekata, abaki pale asubiri zamu nyingine, kisiwa kimejengwa kwa ajili hiyo. Akikuta kipande kati ya mwendokasi na magari ni kile kiukuta chembamba tu, hapo si pa kupumzikia, mkongojo utatokeza nje.

Kama trafiki yuko kazini, taa azisahau, amfuate trafiki. Mkono wa trafiki ndio unaotawala, hata taa ikisema vingine.

---

Chalii wa Kagera

Na sisi wa TAZARA? Tangu barabara ya juu ifunguliwe 2018 naona kuvuka chini ni mteremko, magari yote yako juu.

---

Mwalimu Usukani

Si yote, mkuu. Juu linapita gari linalonyoosha Barabara ya Nyerere. Chini zimebaki taa, magari ya Mandela, na wote wanaokunja. Wa kuogopa hapo ni wanaokunja kushoto, maana wengi hawangoji taa, wanateleza tu. Ukitembea pembeni kushoto, kuelekea wanakoelekea magari, huyo anatokea nyuma ya bega lako la kulia. Kabla hujashuka kwenye ukingo geuza kichwa mpaka nyuma, usitosheke na kutazama mbele. Ubungo kwenye Kijazi habari ni hiyo hiyo, ghorofa za barabara zimewapunguzia foleni wenye magari, wewe wa miguu bado unawakuta wanaokunja.

---

Mkazi wa Pugu

Huku kwetu tuna vivuko vya chini ya reli ya SGR, maana yenyewe imezungushiwa uzio. Kiangazi raha mustarehe. Masika maji yanajaa, vijana wanaruka uzio. Nyinyi wa mjini mnafanyaje?

---

Konda Mstaafu

Sisi wa mjini tuna Jangwani, maji yakija hata mwendokasi inalala, ndugu yangu. Ila usiruke uzio wa reli, treni ile ya umeme haina mngurumo wa kukupa taarifa mapema. Maji yakiwa machafu na huoni sakafu, usiingie, huwezi kujua mfuniko wa mtaro uko wapi. Zunguka mpaka kivuko kinachofuata.

---

Mkazi wa Pugu

Kinachofuata ni mbali, bwana.

---

Mama Wawili

Mrejesho, wakuu. Jumapili barabara ikiwa imepoa nimekwenda naye. Nimesimama naye mbele ya gari lililotusimamia kama mlivyosema, na kweli pembeni kikapita kibajaji wala hakikupunguza mwendo. Akanishika mkono kwa nguvu. Sasa hivi anatamka "kushoto" katikati ya barabara mpaka watu wanamgeukia.

Asubuhi tumekubaliana darajani. Jioni hatujamaliza ubishi, mume wangu yuko upande wa Mwalimu, mimi niko kwa Binti wa Magomeni. Kuna mwenzake mmoja sokoni anaishi Tandale, tunaangalia kama saa zao zinaweza kuendana.

Swali la mwisho: kuna zebra moja imefutika, imebaki mistari miwili. Dereva ataiheshimu kweli? Na anaambiwa nani?

---

Msema Kweli 77

Zebra ni zebra, hata ibaki mstari mmoja.

---

Mwalimu Usukani

Kisheria tunaweza kubishana, ila dereva asiyeiona hawezi kusimama, kwa hiyo aihesabu kama haipo, atembee hadi inayoonekana au penye taa. Kuhusu kuripoti, Morogoro ni barabara kuu, iko chini ya TANROADS. Ingekuwa ya mtaani mngekwenda TARURA. Pitisheni barua serikali ya mtaa, mwandike iko kati ya kituo gani na kituo gani, na picha muambatanishe. Ukiandika "zebra ya Manzese" tu watakuuliza ipi.

---

Mjukuu wa Rangi Tatu

Mwalimu, mzee anauliza: akiwa kisiwani na bodaboda wamepanda humo humo kisiwani kukwepa foleni, yeye akae wapi?

---

Konda Mstaafu

Hilo swali hata mimi nalisubiria jibu.